Marejesho ya Kodi Yaliyocheleweshwa: Je, Muislamu Adai Riba Yake?

(Maneno ya darsa iliyotolewa msikitini Mandawa baada ya swala ya Ijumaa, yameandikwa upya kwa ajili ya wasomaji wa jarida.)

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake, Maswahaba zake na wote waliowafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Amma baad.



Mada ya leo imeletwa na ndugu yetu mmoja mfanyabiashara. Yeye na wenzake wawili wana kampuni ndogo inayonunua ufuta na mazao mengine katika wilaya zetu hizi. Jina lake halihitajiki, na nimemuomba ruhusa kabla ya kulisimulia jambo lake. Amekuja na karatasi mkononi na swali moja: mhasibu wake amemwambia kwamba kodi aliyolipa zaidi imecheleweshwa kurejeshwa, na kwamba sheria inampa haki ya kudai riba kwa muda wote uliopita. Mhasibu ameshaandaa barua ya madai, na kilichobaki ni sahihi tu. Ndugu yetu akauliza: nitie sahihi au nisitie?

Kabla ya kujibu, ni lazima tuelewe fedha hizi zimetoka wapi, kwani hukumu ya jambo hufuata namna mtu alivyolifahamu jambo lenyewe.

Kampuni hulipa kodi ya mapato kwa makadirio. Mwanzoni mwa mwaka mwenye kampuni hukisia atapata faida kiasi gani, kisha hulipa kodi ya faida hiyo kwa awamu nne, yaani kila baada ya miezi mitatu. Mwaka ukishakwisha ndipo hesabu za kweli hufungwa na ritani hupelekwa. Ikiwa faida ya kweli ni kubwa kuliko makisio, anaongeza. Ikiwa ni ndogo, basi amelipa zaidi ya alichokuwa akidaiwa, na ziada hiyo ni mali yake iliyo mikononi mwa mamlaka ya kodi.

Ndugu yetu alikisia faida ya shilingi 40,000,000. Kodi ya kampuni ni asilimia 30, kwa hiyo alitakiwa kulipa 12,000,000, naye akazilipa kwa awamu nne za 3,000,000. Mvua za mwaka ule hazikuwa nzuri, ufuta ukawa haba, na hesabu zilipofungwa ikaonekana faida ni 20,000,000 tu. Kodi yake halali ilikuwa 6,000,000. Ziada ikawa 6,000,000 nyingine. Aliomba arejeshewe, akaleta hati zilizotakiwa, madai yakakubaliwa. Kisha fedha hazikuja. Tangu siku zilipopasa kulipwa imepita miezi 14 na siku 10.

Sasa tuitazame ile riba. Hapa kwetu kiwango cha kisheria kimefungamanishwa na kiwango cha Benki Kuu, nacho hupanda na kushuka. Ili hesabu iwe nyepesi kwenu nitatumia kiwango kilichoandikwa na majirani zetu wa Kenya katika sheria yao ya taratibu za kodi ya mwaka 2015: marejesho yakipita muda uliowekwa, huongezwa asilimia 1 kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi. Asilimia 1 ya 6,000,000 ni 60,000. Miezi 14 ni 840,000. Zile siku 10 zinahesabiwa kuwa mwezi mzima, kwa hiyo zinaongeza 60,000 nyingine. Jumla ni 900,000. Nakuombeni mziweke akilini zile siku 10 zilizouzwa kwa bei ya mwezi, tutazirudia.

Ndugu Waislamu, wengi wetu tunapoisikia riba, akili inakwenda kwa mkopo wa benki au kwa mtu anayekopesha laki moja arudishiwe laki na ishirini. Hiyo ni riba bila shaka. Lakini ile riba ambayo Waarabu wa zama za ujahiliya waliizoea, ambayo aya za Qur-ani ziliteremka kuivunja, wafasiri wa mwanzo kama Mujahid na Qatada wameieleza kwa sura nyingine kabisa. Mtu alikuwa akimuuzia mwenzake bidhaa kwa deni hadi muda maalumu. Mauzo yale yalikuwa safi, hayana nyongeza. Muda ulipofika na mdaiwa hana cha kulipa, mwenye mali alimpa hiari mbili: alipe sasa, au deni likuzwe naye azidishiwe muda. Riba haikuwapo siku ya kuuziana. Iliingia siku ya kuchelewa.

Tazameni basi jinsi suala la ndugu yetu linavyofanana na hilo. Hakukopesha mtu. Hakukusudia kupata faida kutokana na fedha zile. Zilikwenda serikalini kwa sheria, zikazidi, zikawa deni. Deni safi kabisa. Kisha likachelewa, na kwa sababu ya kuchelewa likawekewa nyongeza inayokua kila mwezi unapopinduka. Anayesema kwamba hapa hakuna riba kwa kuwa hapakuwa na mkopo, amesahau kwamba katika riba ya ujahiliya pia aghalabu hapakuwa na mkopo.

Na katika Suratul-Baqara, kuanzia aya ya 275 hadi ya 279, baada ya Allah kuhalalisha biashara na kuharamisha riba, ameweka mpaka ulio wazi wa haki ya mdai: ni rasilimali yake, asidhulumu wala asidhulumiwe. Pande zote mbili zimetajwa. Mdai hachukui zaidi, na mdaiwa hapunguzi wala hazuii. Kwa hiyo jawabu la kwanza kwa ndugu yetu ni hili: 6,000,000 zake ni haki yake timilifu, azidai bila haya wala woga, na 900,000 si haki yake kisheria ya Kiislamu, hata kama imeandikwa katika sheria ya nchi, basi asiidai.

Najua jawabu hili linaleta uzito moyoni. Baada ya kunisikiliza, ndugu yetu alinipa hoja tatu, moja baada ya nyingine, nami nitazieleza kama alivyozieleza kwa kuwa ni hoja za mtu mwenye akili, na kila mfanyabiashara aliyeketi hapa anazo.

Hoja ya kwanza alisema: "Ustadhi, hii si riba, ni fidia. Wamenizuilia mtaji wangu, nimekosa kununua ufuta msimu mzima. Aliyeniharibia si anilipe?"

Hoja hii si nyepesi, na ni uadilifu kusema kwamba wamo wanazuoni wakubwa wa zama zetu walioielekea. Sheikh Mustafa Az-Zarqa, mwanachuoni wa Syria, aliona kwamba mdaiwa mwenye uwezo anayechelewesha bila udhuru anaweza kuhukumiwa na kadhi amfidie mdai kwa madhara aliyoyapata. Sheikh As-Siddiq Adh-Dharir wa Sudan naye alikuwa na rai iliyo karibu na hiyo. Wengine waliwajibu, miongoni mwao Sheikh Nazih Hammad, kwamba mlango huo ukifunguliwa riba ya ujahiliya itaingia kwa jina jipya. Majma ya Fiqhi ya Kiislamu, iliyo chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, ikaamua katika kikao chake cha sita mjini Jidda mwaka 1990 kwamba mnunuzi kwa awamu akichelewa kulipa, haijuzu kumlazimisha nyongeza yoyote juu ya deni, iwe ilishurutishwa tangu mwanzo au haikushurutishwa, kwa sababu hiyo ni riba. Na katika kikao cha kumi na mbili mjini Riyadh mwaka 2000 ikaruhusu sharti la fidia katika mikataba ya mali, isipokuwa pale ambapo wajibu wa asili ni deni. Fundi akichelewa kukabidhi nyumba anaweza kutozwa fidia. Mdaiwa akichelewa kulipa deni hatozwi.

Lakini tuseme kwa ajili ya mjadala kwamba tumeichukua rai ya Sheikh Az-Zarqa. Je, ingemsaidia ndugu yetu? Fidia hufuata madhara. Pasipo madhara hakuna fidia, na madhara yakiwa makubwa fidia huwa kubwa. Sasa wachukueni wafanyabiashara wawili, kila mmoja anadai 6,000,000, kila mmoja amecheleweshewa miezi 14 na siku 10. Wa kwanza alikosa mtaji, akakosa msimu, akauza pikipiki yake kulipa vibarua. Wa pili alikuwa na fedha nyingine za kutosha, na hizi hata zingekuja mapema zingelala benki. Sheria ya kodi inawapa wote wawili 900,000 sawasawa, haimuulizi yeyote alipata hasara gani. Na zile siku 10? Hakuna hasara ya mwezi mzima ndani ya siku 10. Kinachopimwa hapo ni vitu viwili tu, kiasi cha deni na urefu wa muda, na nyongeza inayofuata kiasi na muda peke yake ni bei ya muda. Sheikh Az-Zarqa alizungumzia madhara yanayothibitishwa mbele ya kadhi, hakuzungumzia asilimia iliyopangwa na bunge kabla hata madhara hayajatokea. Basi rai yake, kwa mwenye kuifuata, haiifikii barua hii.

Hata hivyo lipo jambo moja ambalo mdai analo. Sheikhul-Islam Ibn Taymiyya ameeleza kwamba mdaiwa mwenye uwezo akichelewesha hadi mdai akalazimika kwenda kushitaki, basi gharama alizozitumia mdai kwa njia ya kawaida ziko juu ya yule aliyechelewesha. Viwango vya kisheria vinavyotumiwa na mabenki ya Kiislamu leo navyo vinakubali gharama za mashitaka hali vikikataza nyongeza ya kuchelewa. Kwa hiyo nauli ya kwenda Lindi mara tano, malipo ya mwanasheria na gharama za kuandaa hati, vyote hivyo ndugu yetu akiwa navyo kwa risiti na akapata njia ya kuvidai, avidai. Hicho ni kitu kilichomtoka mfukoni kweli. Mtajua tofauti kwa swali moja: je, kiasi hiki kingekuwa kilekile hata kama nisingetumia hata senti moja? Kikiwa kilekile, hicho si gharama.

Hoja yake ya pili ilikuwa kali zaidi. "Mimi nikichelewa kulipa, wao wananitoza. Kwa nini wao wakichelewa nisiwatoze?"

Na ni kweli. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inaweka riba juu ya kodi iliyochelewa, nayo hujilimbikiza kila mwezi, yaani riba ya mwezi uliopita nayo huzaa riba. Mwenye kusoma aya ya 130 ya Suratu Aali Imran, inayokataza kula riba iliyozidishwa maradufu, ataitambua sura yake bila kufasiriwa. Lakini anayetozwa kwa nguvu na anayedai kwa hiari yake hawako mahali pamoja. Wa kwanza amelazimishwa na hana la kufanya, ingawa mwenye kuchelewa kwa uzembe huku akijua atatozwa hana wa kumlaumu ila nafsi yake. Wa pili anaandika barua kwa mkono wake, anasema: nimecheleweshewa, niongezeni. Dhulma niliyofanyiwa hainihalalishii kitu ambacho asili yake ni haramu, kama ambavyo aliyeibiwa kwa hila haruhusiwi naye kula mali ya mwizi kwa hila zaidi ya alichoibiwa.

Hoja ya tatu ndiyo iliyonifanya nikae kimya kidogo. Alisema: "Shilingi imeshuka. 6,000,000 za mwaka juzi zilinunua magunia mengi ya ufuta kuliko 6,000,000 za leo. Nikirejeshewa idadi ileile, je, nimerejeshewa rasilimali yangu kweli?"

Ndugu zangu, hili ni swali la fiqhi la kweli, na maulamaa hawakulipuuza. Majma ile ile ya Fiqhi ililijadili katika kikao cha tano nchini Kuwait mwaka 1988 na kuamua kwamba deni lililothibiti kwa sarafu fulani hulipwa kwa idadi ileile ya sarafu ile, si kwa thamani yake, na haijuzu kulifungamanisha na kupanda kwa bei. Mtu anaweza kuona hukumu hii ni ngumu kwa mdai. Lakini aitazame kwa upande wa pili. Mzee hapa Mandawa amemkopesha kijana 500,000 za matibabu ya mama yake. Baada ya miaka miwili bei ya ufuta imepanda. Je, tumruhusu mzee ahesabu magunia na kumwambia kijana deni lako sasa ni 700,000? Tukilifungua kwa serikali, tumelifungua kwa kijana yule pia, kwani deni ni deni. Isitoshe, asilimia 1 kwa mwezi haikupimwa kwa kushuka kwa shilingi. Ingekuwapo hata kama shilingi ingepanda. Hoja ya thamani basi haiitetei nyongeza hii. Inatetea kitu kingine ambacho barua ya mhasibu haikukiomba.

Hapa msinifahamu vibaya, kwamba mdaiwa hawezi kabisa kulipa zaidi. Mtume (swalla Allaahu alayhi wasallam) alikopa ngamia mdogo akalipa ngamia aliye bora zaidi, na akamsifu mtu anayelipa kwa uzuri. Na Jabir (radhiya Allaahu anhu) amesimulia kwamba alikuwa akimdai Mtume, naye akamlipa na kumzidishia. Hiyo ni hisani ya mlipaji, haikushurutishwa, haikudaiwa, wala hakuna kiwango kilichokuwa kikisubiriwa. Nyongeza ya kodi si hivyo. Imeshurutishwa katika sheria, ina kiwango, na hupatikana kwa kudaiwa. Kuiita hisani ya serikali ni kujidanganya.

Sasa huenda mtu akasema: basi Ustadhi umemfunga mikono, akae tu asubiri. La, hasha. Mtume (swalla Allaahu alayhi wasallam) ameita ucheleweshaji wa mwenye uwezo kuwa ni dhulma, na katika hadithi nyingine iliyopokewa na Abu Daud na An-Nasai amebainisha kwamba mwenye uwezo anayekwepa kulipa anastahiki kushitakiwa na kuadhibiwa. Angalieni kwamba dawa iliyotajwa ni kushitaki na adhabu ya mwenye mamlaka. Haikutajwa kuongeza deni. Na taasisi ya serikali si masikini wa kusubiriwa hadi apate wepesi, kama inavyosema aya ya 280 ya Suratul-Baqara. Aya hiyo ni ya mdaiwa mwenye dhiki.

Sisi watu wa Ruangwa na Nachingwea tunayajua haya kwa uzoefu wetu. Msimu wa korosho wa 2018, serikali ilipoamua mwezi Novemba kuzinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wakulima wengi walikaa miezi wakisubiri uhakiki na malipo hadi mwaka 2019. Watu waliuza mbuzi, watoto walichelewa shule. Wakulima walidai, walipeleka malalamiko kwenye vyama vyao vya msingi, kwa viongozi wao, hata bungeni likasemwa. Walichodai ni 3,300 yao kwa kila kilo. Sikusikia mkulima aliyedai kila kilo iongezewe kwa kila mwezi uliopita, na hakuna aliyemwona mjinga kwa hilo.

Ndugu yetu naye afanye hivyo hivyo. Aandike barua ya kudai rasilimali, ataje tarehe ya maombi, tarehe ya uamuzi na kiasi kilichokubaliwa, na aweke nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri ni kama haikuandikwa. Asipojibiwa, iko Ofisi ya Usuluhishi wa Malalamiko na Taarifa za Kodi, iliyoanzishwa kwa ajili ya malalamiko ya namna hii. Na pakiwa na mgogoro juu ya uamuzi wenyewe, upo mlango wa pingamizi, kisha Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza lake, hadi Mahakama ya Rufani. Milango hii ina mihula yake ya siku, na mwenye kuilalia husikia mlango ukifungwa. Kuna pia njia nyepesi ambayo wafanyabiashara wengi huisahau: kuomba ziada ile ihesabiwe katika kodi ya awamu zijazo badala ya kungoja fedha taslimu. Hilo kisheria ni deni kwa deni, sawa kwa sawa, halina nyongeza, na pengine litamfaa zaidi kuliko kusubiri.

Katika barua ile ya mhasibu, ndugu yetu nimemshauri aifute aya moja tu inayodai riba, na aache zilizobaki. Mhasibu alishangaa, akasema atakuwa wa kwanza kumuona. Basi na awe wa kwanza.

Limebaki suala la vitendo. Je, ikiwa hakudai, lakini mamlaka yenyewe ikamwekea nyongeza katika akaunti?

Kwanza ajue kama imo. Asidhani. Achukue barua ya uamuzi inayotaja kiasi cha marejesho, ailinganishe na kilichoingia benki. Ikiwa barua inasema 6,000,000 na zimeingia 6,900,000, basi 900,000 ni nyongeza. Lakini tahadhari: mamlaka huweza kukata deni jingine la kodi kabla ya kulipa. Zinaweza kuingia 6,400,000 akadhani nyongeza ni 400,000, kumbe nyongeza ilikuwa 900,000 na wamekata 500,000 za deni la zamani. Kwa hiyo aombe mchanganuo ulioandikwa, unaotenga rasilimali, nyongeza na makato.

Akishajua, asiitie katika mtaji wala katika matumizi ya nyumbani. Fat-wa mashuhuri ya wanazuoni wa zama hizi kuhusu fedha za riba zilizoingia bila kukusudiwa ni kwamba mtu ajitoe nazo kwa kuzielekeza kwa mafakiri na maslahi ya watu wote, si kwa nia ya sadaka inayotarajiwa thawabu ya mtoaji, bali kwa nia ya kujisafisha. Baadhi ya maulamaa wa Kihanafi wa Bara Hindi wana rai nyingine inayohusu riba iliyotoka kwenye taasisi ya serikali: irudishwe serikalini kupitia kodi, kwa kuwa kilichotoka kwa mwenyewe kimerudi kwa mwenyewe. Mimi naona rai hii ina nguvu pale mtu anapoirudisha juu ya kile anachodaiwa na hakipunguzi. Akiitumia kulipa kodi ambayo vinginevyo angeilipa kwa fedha yake, amenufaika nayo kwa mlango wa nyuma, amebakiza 900,000 yake mfukoni. Kwa hapa kwetu naona wepesi na usalama zaidi ni kuielekeza kwenye kisima, choo cha shule au matibabu ya asiye na uwezo, na asiandikwe jina.

Mwisho aliuliza kuhusu zaka: je, zile 6,000,000 anazitolea zaka kwa miezi yote zilipokuwa mikononi mwa wengine? Majma ya Fiqhi katika kikao chake cha pili, Jidda, mwaka 1985, ilitenganisha. Deni lililo kwa mdaiwa mwenye uwezo na mlipaji, mdai hulitolea zaka kila mwaka. Deni lililo kwa mwenye dhiki au mwenye kuchelewesha, zaka yake huanza kuhesabiwa mwaka unapotimia tangu siku ya kulipokea. Suala la ndugu yetu ni la pili. Siku 6,000,000 zitakapoingia aandike tarehe ya Hijiria, na zikibaki kwake, au kilichonunuliwa nazo kwa biashara kikibaki, mwaka ukitimia atatoa asilimia 2.5. Ama ile nyongeza, hiyo haitolewi zaka kwa sababu si mali yake. Inatoka yote.

Wallaahu aalam. Wabillaahi tawfiiq.